Mbolea Ileile, Mashamba Mawili: Naitrojeni Inakwenda Wapi Ikishamwagwa?

Mashamba mawili yamepakana. Yote yamepandwa mahindi ya mbegu moja, kwa siku moja, na kila hekta imepata mifuko minne ya yurea ya kilo 50 mahindi yalipokuwa na umri wa wiki moja. Kufika wiki ya saba, shamba moja limekolea kijani, na kwenye jingine majani ya chini yameshaanza kuwa manjano. Maneno yanayofuata tunayajua: mbolea ilikuwa feki, au udongo umechoka. Mbolea feki zipo kweli, na udongo huchoka kweli, lakini hapa mbolea ilitoka kwenye shehena moja na mvua iliyonyesha ni ileile.

Kilichotofautiana ni mambo matatu ambayo mwanafunzi wa kilimo huyasoma kama sura tatu zisizojuana: matabaka ya udongo, unamu wake, na uwezo wake wa kushika virutubisho. Ukiyatenganisha yanakuwa ya kukariri tu. Ukiwa shambani yanaungana kuwa swali moja: virutubisho viko kina gani leo, na mizizi imefika kina gani?

Tuanze na maneno yenyewe. Unamu ni uwiano wa chembe za ukubwa tofauti ndani ya udongo. Mchanga ni chembe za kuanzia milimita 2 hadi 0.05, unaziona kwa macho na zinakwaruza vidole. Tope ni chembe za kati, za milimita 0.05 hadi 0.002, laini kama unga. Mfinyanzi ni chembe ndogo kuliko hapo, na ndizo zinazonata. Udongo wenye chembe zote tatu kwa uwiano ambao hakuna inayotawala huitwa tifutifu.

Matabaka ni ngazi unazoziona ukichimba shimo lenye ukuta wima. Juu kabisa, hasa msituni, kuna majani na masalia yanayooza, yaani tabaka O. Shambani mara nyingi halipo kwa sababu jembe limeshalichanganya na lililo chini yake. Linafuata tabaka A, lenye rangi ya giza kwa sababu ya mboji, na ndimo mizizi mingi inamoishi. Chini yake ni tabaka B, ambako mfinyanzi, chuma na vitu vingine vilivyoshushwa na maji kutoka juu hujikusanya. Huwa jekundu, la manjano au la kahawia, na aghalabu ni zito kuliko A. Tabaka C ni mwamba uliolainika bila kuwa udongo kamili, na R ni mwamba wenyewe. Baadhi ya maeneo yana tabaka E kati ya A na B, lililopauka kwa sababu maji yameliosha likabaki na mchanga na tope zaidi.

Uwezo wa kushika virutubisho unahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia.

Nani anashikwa, nani anapita

Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi juu ya nyuso zake. Virutubisho vingi vikiyeyuka katika maji ya udongo huwa na chaji chanya: kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, na naitrojeni ikiwa katika umbo la amoniamu. Chanya na hasi huvutana. Fikiria ukuta wenye misumari ya kutundikia nguo. Mfinyanzi na mboji ndio ukuta, chaji hasi ndiyo misumari, na virutubisho vyenye chaji chanya ndivyo nguo zenye kitanzi. Nguo hutundikwa, hutunguliwa, na nyingine huchukua nafasi yake. Mzizi unapotaka potasiamu hutoa haidrojeni iende kwenye msumari, na potasiamu ikaachiliwa. Maabara huhesabu misumari hiyo na kuiita uwezo wa kubadilishana kationi, kwa kipimo cha sentimoli kwa kila kilo ya udongo.

Udongo wa kichanga huwa na sentimoli 1 hadi 5 tu. Tifutifu huwa na takriban 5 hadi 15. Mfinyanzi hauna namba moja, na hili husahaulika sana. Mfinyanzi wa kaolini, unaopatikana kwa wingi katika udongo mwekundu uliozeeka wa nchi za joto, una sentimoli 3 hadi 15 hivi, ilhali ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka unaweza kufika 80 hadi 120. Mboji inawapita wote. Kilo moja ya mboji safi hufika sentimoli 200 au zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia "huu ni mfinyanzi, unashika mbolea vizuri," swali la kwanza ni mfinyanzi wa aina gani.

Swali la pili ni mbolea gani. Yurea ikiingia kwenye udongo wenye unyevu hugeuka amoniamu ndani ya siku chache, na amoniamu ina kitanzi. Lakini bakteria wa udongo hawaiachi hapo. Katika udongo wenye joto na hewa ya kutosha, ndani ya wiki mbili au tatu sehemu kubwa ya amoniamu hiyo huwa imegeuzwa kuwa nitrati. Nitrati ina chaji hasi, haina kitanzi. Hata uwe na ukuta wenye misumari elfu, itapita na maji.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na maelezo mepesi kwamba kichanga hupoteza naitrojeni kwa kuwa uwezo wake wa kubadilishana kationi ni mdogo. Maelezo hayo yanafaa kwa potasiamu na kwa amoniamu ya siku za mwanzo. Kwa nitrati, kinachoamua ni jambo lingine kabisa: kila sentimita ya udongo inabeba maji kiasi gani.

Hesabu ya wiki saba

Mvua ikikatika na maji ya ziada yakishuka kwa siku moja au mbili, udongo hubaki na maji ambayo unaweza kuyashikilia dhidi ya mvutano wa ardhi. Kwa kichanga, maji hayo ni takriban asilimia 10 ya ujazo wa udongo. Kwa tifutifu lenye mfinyanzi, ni karibu asilimia 33. Udongo ukiwa tayari umefika kiwango hicho, kila milimita inayoingia huyasukuma maji ya zamani kwenda chini, na nitrati husukumwa nayo. Ili kukadiria imeshuka kiasi gani, gawanya maji ya ziada kwa sehemu ya ujazo inayoshikwa.

Turudi kwenye mashamba yetu: lililoanza kuwa manjano ni kichanga, na lililokolea kijani ni tifutifu lenye mfinyanzi. Tuseme kati ya kumwaga mbolea na wiki ya nne, baada ya kutoa maji yaliyopotea kwa jua na yaliyonywewa na mimea, yamebaki maji ya ziada milimita 80 yaliyopenya chini. Kwenye kichanga: 80 gawanya kwa 0.10 ni milimita 800, yaani nitrati iliyokuwa juu imefika sentimita 80. Kwenye tifutifu lenye mfinyanzi: 80 gawanya kwa 0.33 ni takriban milimita 240, yaani sentimita 24. Mizizi ya mahindi ya umri huo, kwa makadirio ya kawaida, iko kwenye sentimita 40. Upande mmoja chakula kiko katikati ya mizizi. Upande mwingine kimeitangulia kwa sentimita 40.

Mpaka wiki ya saba yakiongezeka maji ya ziada ya milimita 60, kichanga kimeifikisha nitrati sentimita 140, na jirani yake sentimita 42 hivi. Mahindi hukaribia kutoa maua mizizi ikiwa imepita mita moja, lakini ile ya ndani kabisa ni michache, na nitrati haisimami kuingoja.

Ni vizuri kulinganisha na ratiba ya mmea wenyewe. Mahindi yenye majani sita huwa yamechukua kiasi kidogo tu cha naitrojeni, kama sehemu moja ya kumi ya mahitaji yake ya msimu au pungufu. Njaa kubwa huanza yanaporefuka kwa kasi na kuendelea hadi kutoa maua. Mifuko minne ya yurea ni kilo 92 za naitrojeni, na kwa kila tani ya nafaka mahindi huchukua kilo 20 hivi. Nusu ya naitrojeni hiyo ikishuka isikofikiwa, unazungumzia tani mbili za mavuno kwa hekta, ikiwa hakuna kitu kingine kilichokuwa kinayazuia mahindi. Haijalishi kwamba ilikuwepo shambani siku mmea haukuihitaji.

Hesabu hii ina mipaka yake. Nitrati haishuki kama mstari ulionyooka. Hutawanyika, nyingine ikibaki nyuma na nyingine ikitangulia. Mfinyanzi uliopasuka kwa ukame huwa na nyufa ambazo mvua kubwa ya kwanza hupitia moja kwa moja hadi chini, na mbolea iliyomwagwa juu ya nyufa hizo huenda nayo. Kadhalika, amoniamu ambayo haijageuzwa haijaanza safari. Hata hivyo, kwa kuamua mbolea igawanywe mara ngapi, makadirio haya yanatosha kabisa.

Na uamuzi wenyewe ni huu: kwenye kichanga, kilo zilezile 92 zigawanywe mara tatu, kidogo wakati wa kupanda au mara baada ya kuota, kisha sehemu kubwa mahindi yanapokuwa na majani sita hadi nane, na iliyobaki kabla ya kutoa maua. Kwenye tifutifu lenye mfinyanzi mara mbili zinatosha. Yurea ifukiwe, kwa kuwa ikiachwa juu ya udongo sehemu yake huondoka kama gesi ya amonia kabla ya yote hayo. Potasiamu nayo, ambayo kwingine huwekwa yote mwanzoni, kwenye kichanga chenye misumari michache ni busara kuigawa.

Tabaka B linabadilisha hadithi

Mpaka hapa tumeuchukulia udongo kama kitu kimoja kuanzia juu hadi chini, na hapo ndipo mapendekezo mengi huharibika. Mtu huchota udongo wa juu, anausugua mkononi, anatamka "kichanga," na anaondoka. Hajui kilichopo sentimita 40 chini ya miguu yake.

Chukua shamba la tatu. Juu ni kichanga sawa na kile cha kwanza, lakini kwenye sentimita 50 linaanza tabaka B lenye mfinyanzi. Nitrati inashuka kwa kasi ileile hadi hapo, kisha mwendo unapungua kwa sababu kila sentimita sasa inabeba maji mara tatu. Zile milimita 80 za kwanza zinagawanyika: milimita 50 zinatumika kuvuka sentimita 50 za kichanga, na 30 zilizobaki zinaisukuma nitrati sentimita 9 tu ndani ya B. Iko sentimita 59 badala ya 80, na hata baada ya zile milimita 60 nyingine inafika 77 hivi, mahali ambapo mizizi ya mahindi itafika. Shamba kama hili huonyesha dalili inayowachanganya wengi: mahindi yanapauka wiki ya nne au ya tano, kisha yanarudi kuwa kijani yenyewe bila kuongezewa chochote. Mizizi imeifikia akiba. Mkulima aliyenyunyizia kitu fulani wiki hiyo hukisifu kitu hicho.

Tabaka hilohilo la B linaweza pia kuwa adui. Likiwa zito kiasi cha kuyazuia maji kabisa, maji hutuama juu yake, hewa inaisha, na bakteria wanaokosa oksijeni huichukua iliyo katika nitrati na kuiachia naitrojeni iende hewani kama gesi. Mizizi nayo hushindwa kupumua. Ishara yake inabaki ukutani mwa shimo hata wakati wa kiangazi: madoa ya kijivu yaliyochanganyika na ya rangi ya kutu. Rangi moja safi, nyekundu au kahawia, humaanisha hewa inapita vizuri. Kijivu chenye madoa humaanisha maji hukaa hapo kwa muda mrefu kila msimu, na mbolea ya ziada haiwezi kutibu tatizo la hewa. Hapo dawa ni mifereji au matuta.

Halafu kuna tabaka ambalo halikuumbwa na asili. Kulima kwa miaka mingi kwa kina kilekile, hasa udongo ukiwa mbichi, hushindilia sehemu iliyo chini kidogo ya ncha ya jembe, mara nyingi kati ya sentimita 15 na 25. Mizizi ikifika hapo hugeuka kwenda pembeni. Sasa rudia hesabu ya shamba zuri la tifutifu lenye mfinyanzi: nitrati iko sentimita 24 wiki ya nne, na mizizi imekomea 18. Shamba lenye udongo bora zaidi limeanza kufanana na kichanga, na kipimo cha maabara cha udongo wa juu hakitakuambia kamwe. Ng'oa mmea mmoja taratibu kwa jembe uma uone mizizi ilivyopinda.

Kuchimba na kusoma

Kwa hiyo shimo halikwepeki. Lichimbwe lenye kina cha mita moja, mahali panapowakilisha shamba, si kando ya njia wala kwenye kichuguu. Ukuta mmoja ukwanguliwe kwa kisu uwe safi na unaoelekea mwanga. Pima rangi inabadilika kwenye sentimita ngapi. Choma kisu kila baada ya sentimita tano kuanzia juu. Mahali kinapokataa ghafla kisha kikaingia tena kwa urahisi chini yake, hilo ndilo tabaka lililoshindiliwa. Angalia mizizi inaishia wapi.

Kisha chukua udongo wa kila tabaka, ulowanishe, ufinyange hadi uwe kama donge, na ulisukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe. Usiposhika hata donge ni mchanga. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, ni tifutifu. Ukifika kati ya 2.5 na 5, ni tifutifu lenye mfinyanzi. Ukipita 5 bila kukatika, ni mfinyanzi. Ukikwaruza sana, ongeza neno kichanga kwenye jina. Ukiwa laini mno, ongeza tope. Vidole vinahitaji mazoezi, na mwanzoni watu wawili watabishana, lakini baada ya sampuli nyingi tofauti zinakuwa ndogo.

Sampuli za maabara zichukuliwe kwa vina viwili angalau, sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 40, na zisichanganywe.

Imani tatu zinazozunguka

Ya kwanza ni kwamba udongo mweusi ndio wenye rutuba. Mara nyingine rangi hiyo ni mboji. Lakini udongo mweusi wa mabondeni unaopasuka kiangazi unaweza kuwa mweusi tii na bado ukawa na mboji kidogo. Unashika kalsiamu na magnesiamu kwa wingi, huku naitrojeni ikiwa haba na maji yakituama mvua ikizidi.

Ya pili ni kwamba udongo unaoshika sana ndio unaolisha vizuri. Fosforasi inaipinga imani hii. Udongo mwekundu wenye oksidi nyingi za chuma na aluminiamu huibana fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba sehemu kubwa ya uliyoweka mmea hauipati msimu huo. Haijaenda popote, imefungwa. Ndiyo maana kwenye udongo wa namna hiyo mbolea ya fosforasi huwekwa kwenye mstari karibu na mbegu badala ya kutawanywa, ili iguse udongo mchache iwezekanavyo. Na kuna kioja kimoja: tabaka B la udongo huohuo mwekundu uliozeeka, likiwa na tindikali, hupata chaji chanya kidogo na kuweza kuikamata nitrati inayopita. Yule asiye na kitanzi hupata pa kushikwa, ila ni chini.

Ya tatu ni kwamba unamu hurekebishwa kwa kuongeza mchanga kwenye mfinyanzi au kinyume chake. Kwenye chungu cha maua inawezekana. Shambani, sentimita 20 za juu za hekta moja zina uzito wa tani 2,600 hivi kwa udongo wa mfinyanzi. Ukiwa na mchanga asilimia 30 na unataka ufike 40, utahitaji kuleta tani 433 za mchanga, na faida itakuwa ndogo sana.

Kinachobadilika ni mboji. Kuongeza asilimia moja ya mboji kwenye kichanga chenye sentimoli 3 kunakifikisha karibu 5, ongezeko la thuluthi mbili. Tatizo ni kwamba asilimia moja ya sentimita 20 za kichanga ni karibu tani 30 za mboji iliyokomaa kwa hekta, na sehemu kubwa ya samadi au majani unayoweka huliwa na vijidudu na kuondoka kama hewa ya ukaa kabla ya kufikia hatua hiyo. Ni kazi ya miaka, tena katika joto uozaji huenda kasi na akiba hupungua haraka ukiacha kuongeza. Wakati huo wote kichanga kitaendelea kuwa kichanga, na yurea yake itaendelea kugawanywa mara tatu.